Je, wajua? Dharau ya mkutanoni hukatwa kabla kicheko hakijaenea

«Shefu akimutupia kolege neno la kumuaibisha mbele ya watu wote mu mukutano, kwa nini sisi wote tunanyamaza? Na mutu aseme nini saa ileile, bila kuleta vita?»

Woga upo, lakini kinachotangulia kufunga midomo ni muda. Mwaka 2009 watafiti walipima maswali na majibu katika mazungumzo ya kawaida ya lugha kumi, zikiwemo Kijapani, Kideni na lugha moja ya Namibia. Walikuta kwamba mmoja akinyamaza, mwingine hujibu baada ya kama milisekunde 200, yaani sehemu moja ya tano ya sekunde. Na kichwa cha mtu huhitaji kama milisekunde 600 kutayarisha hata neno moja, kwa mfano kutaja kitu alichoonyeshwa kwenye picha. Tunaweza kuongea bila kusitasita kwa sababu kila mtu huanza kupika jibu lake wakati mwenzake bado anasema. Dharau inavuruga hesabu hiyo, maana hakuna aliyekuwa anaitazamia. Wewe bado unajiuliza «amesema nini huyu?», na tayari mmoja amecheka kidogo, mwingine ameangalia simu, shefu amegeuza karatasi. Ukija kupata sentensi yako, neno limekwisha kupita kama mzaha.

Tena, wingi wa watu unazidisha ukimya. Katika jaribio mashuhuri la mwaka 1968 kule New York, wanafunzi walisikia kwenye vifaa vya masikioni sauti, kumbe iliyorekodiwa, ya mwenzao akishikwa na kifafa. Aliyeamini ni yeye peke yake anayesikia alitoka kuita msaada mara 85 kwa 100 kabla ya kifafa hicho kwisha. Walioamini kuna wengine wanne wanaosikia, mara 31 tu. Kifafa si matusi, lakini hesabu ya kichwani ni ileile: watu kumi na wawili mezani, kila mmoja anangoja Yaya fulani aliyezoea kusema aseme.

Kwa hiyo sentensi ya kukata dharau haitungwi ndani ya mkutano. Inaingia ikiwa imeshaiva.

Tuchukue mkutano wa Jumatatu asubuhi katika biro moja ya Goma. Mhasibu, tumwite Mama Neema, anasoma matumizi ya mazuti ya jenereta. Anasema litra 460, karatasi inasema 640. Shefu anainua kichwa: «Hesabu ulisomea wapi, ku soko ya Virunga kwa wauza sombe?» Kicheko kinaanza upande wa dirisha. Mtu wa lojistiki anasema, kwa sauti ileile aliyokuwa nayo dakika tano zilizopita:

«Samahani shefu, tulikuwa ku ukurasa wa tatu. Mama Neema, ile litra ya mwezi wa tano ni ngapi?»

Ni maneno machache sana, lakini kila kipande kina kazi. «Samahani shefu» inachukua zamu. Haiombi radhi kwa kosa lolote, inabisha hodi tu, na kwa kuwa mtu huitamka bila kufikiri, inampa ile nusu sekunde aliyokosa. Heshima ya «shefu» inakaa mwanzoni kwa makusudi: shefu akisikia cheo chake kwanza, sikio linabaki wazi kwa kinachofuata. «Ukurasa wa tatu» inawapa watu wote mahali pa kuweka macho. Aliyekuwa amefungua mdomo kucheka sasa ana karatasi ya kutafuta. Mwisho kuna swali la Mama Neema, na hapo ndipo wengi wenye nia njema huharibu. Wanamwuliza «unasemaje, mama?» au «endelea kutufasiria», na mama ambaye koo limemkauka anashindwa, aibu inakuwa mbili. Mpe swali ambalo jibu lake ni tarakimu iliyoandikwa mbele yake. «Mia sita makumi ine.» Akishatamka namba hiyo, sauti yake imerudi mezani, na kosa limejisahihisha bila mtu kulitaja.

Angalia pia kisichosemwa. Hakuna aliyeambiwa «umemukosea». Shefu hakupewa kitu cha kukana.

Njia hiyo ya kurudisha watu kwenye ajenda ndiyo tungeiweka mdomoni mwa mtu mdogo wa cheo, kwa sababu hata shefu mkali hawezi kumwadhibu mtu kwa kutaja ukurasa. Lakini haifai kila mara. Neno likirudiwa, au likigusa kabila, mwili, ndoa au dini ya mtu, kurudi kwenye ukurasa kunaonekana kama kulikubali. Hapo kuna sentensi za pili, zenye uzito zaidi.

Moja ni kuuliza maana: «Shefu, sikusikia muzuri. Ulitaka kusema nini juu ya raporti?» Mzaha wa kudharau hauvumilii kufasiriwa. Anayesema lazima achague: alirudie neno lote, safari hii bila kicheko, au arudi kwenye raporti. Wengi hurudi. Ila maneno «juu ya raporti» yasikosekane. Ukiuliza «ulitaka kusema nini?» na kuishia hapo, umempigia mpira anaoupenda, naye anaweza kujibu «nilitaka kusema ni mujinga». Sauti nayo ishuke mwishoni. Ikipanda inakuwa kejeli, na kila mtu mezani anaijua kejeli.

Nyingine ni kuweka mpaka kwa jina la kikao: «Tuongelee kazi, tusiongelee mutu.» Hii inakaa vizuri mdomoni mwa mtu wa cheo sawa na msemaji, au mwenye umri, au anayeongoza mkutano. Inasema «tu», si «wewe», kwa hiyo haimtengi mtu. Kama Papa mmoja mwenye mvi ndiye anayeisema, haihitaji hata samahani mbele yake. Kijana wa miezi mitatu kazini akiisema, itasikika kama somo.

Iko na ile ya mwisho, ambayo ni kisu: «Hiyo neno tuiandike mu peve?» Peve ni karatasi ya kumbukumbu ya mkutano, na hakuna shefu anayetaka dharau yake isomwe mwezi ujao na watu wa makao makuu. Ndiyo maana ni kitisho hata ikisemwa kwa upole. Itumie pale tu ambapo neno limevuka mpaka kabisa na uko tayari kweli kuliandika, pamoja na tarehe na maneno yenyewe. Ukiisema kwa mchezo mara moja, haina makali tena.

Lugha nayo inaamua mengi. Mikutano yetu huanza kwa Kifaransa, na dharau mara nyingi hushuka kwa Kiswahili, kwa sababu Kiswahili ndiyo lugha ya utani na ya nyumbani. Ukijibu kwa Kiswahili, umekaa naye mulemule kwenye utani, jambo linapoa kindugu. Ukijibu kwa Kifaransa, umeurudisha mkutano kwenye hali yake rasmi, na ghafla neno la shefu linaonekana limevaa nguo za chumbani. Kwa ile sentensi ya ukurasa, Kiswahili kinatosha. Kwa ile ya mpaka, Kifaransa kina baridi inayosaidia. Kosa ni kubadili lugha katikati ya sentensi moja: kunaonyesha kwamba umetetemeka.

Makosa mengine yanajirudia sana. Kumsifu aliyedharauliwa, «Mama Neema ni mufanyakazi muzuri, iko na watoto wane, anajikaza», kunamfanya yeye kuwa mada ya mkutano, na ndicho hasa alichokuwa anakimbia. Kusema kwa niaba ya moyo wake, «umemuumiza», kuna mtego: mama anaweza kulinda uso wake kwa kusema «hapana, sina shida», na wewe unabaki peke yako katikati ya meza. Kufasiri nako ni hatari. Sentensi ikipita pumzi moja, msemaji amepata nafasi ya kukukata. Na kama ulichelewa, kicheko kikaisha na shefu amekwenda kwenye jambo lingine, usimrudishe nyuma. Ngoja pointi inayofuata, umpe mama zamu kwa swali lenye namba.

Utafiti wa saikolojia uliofanywa Amerika mwaka 2003 ulionyesha kwamba mtu anayeambiwa kosa lake la ubaguzi hulipokea kwa uzito zaidi linapotoka kwa asiyekuwa mlengwa kuliko linapotoka kwa mlengwa mwenyewe, ambaye huonekana analalamika tu. Ndiyo maana kolege wa pembeni ana nguvu ambayo Mama Neema hana dakika hiyo, hata kama ana mdomo mkali.

Kutayarisha hakuchukui siku. Chagua sentensi moja, si nne. Ifunge na ishara utakayoisikia: «kicheko cha kwanza kikitoka, nasema samahani shefu.» Itamke kwa sauti mara kumi ukiwa peke yako, njiani au kwenye moto ukisubiri bugali, mpaka mdomo uijue bila kichwa. Kisha mwambie kolege mmoja. Kazi yake ni maneno mawili tu, mara baada ya yako: «Ndiyo, tuendelee.» Sauti ya pili ndiyo inayogeuza maoni ya mtu mmoja kuwa hali ya meza nzima, na shefu hana tena mtu mmoja wa kugeukia.

Akikugeukia hata hivyo? «Unamutetea? Ni ndugu yako?» Swali hilo lina milango miwili na yote ni mibaya. Usijibu ndiyo wala hapana. «Natetea saa yetu, shefu. Tuko na pointi ine bado.» Kisha macho yashuke kwenye karatasi, yasibaki usoni pake, macho yanayobaki ni mwaliko wa raundi ya pili. Akiendelea, nyamaza. Umekwisha kukata kicheko, na mkutano si mahali pa kumaliza yaliyobaki. Pale ambapo dharau ni ya kila wiki, dawa yake haiko katika sentensi tena, bali katika tarehe, maneno na majina ya mashahidi yaliyoandikwa siku ileile, kwa sababu mjumbe wa wafanyakazi hawezi kufanya lolote na «anatutukanaka kila siku».

Linabaki jambo la ukumbini, baada ya watu kutoka. Usimwendee Mama Neema mbele ya wengine na uso wa pole. Mkute peke yake, umwulize kwa ufupi: «Mama, mara ingine nikate vile, ao niache?» Wako watakaosema uache, kwa sababu wanajua kitu kuhusu shefu huyo ambacho wewe hukijui, na hapo unaacha. Wako pia watakaosema: «Kata, lakini usiniulize litra. Uniulize bei.»