Hatua ya giza haifanyiki gizani

"Hatua ya giza ya usanisinuru si hufanyika usiku?"

Hapana, ni mchana. Mwanga hunaswa kwenye utando wa thilakoidi ndani ya kloroplasti. Hapo maji huvunjwa, oksijeni hutoka, na ATP na NADPH, molekuli zinazobeba nishati, hutengenezwa. Hatua ya giza huzitumia hizo mbili kwenye stroma, umajimaji unaozizunguka thilakoidi, kugeuza kabonidayoksaidi kuwa sukari. Kwa hiyo ukizima taa, akiba ya ATP na NADPH huisha upesi na kazi ya stroma husimama. Tena pH ya stroma, ambayo mwangani hufika karibu 8, hushuka kuelekea 7, na rubisko, kimeng'enya kinachonasa kabonidayoksaidi, hupoteza kasi. Hata mkonge, unaofyonza kabonidayoksaidi usiku, huihifadhi kwanza kama asidi ya maliki. Sukari hutengenezwa jua likishachomoza.