Uhalifu wa uchokozi: kile ambacho hati ya 2023 haikigusi

Dhana potofu: Mahakama ya Kimataifa ya Jinai imetoa hati ya kumkamata Rais Vladimir Putin, kwa hiyo anatafutwa kwa kuivamia Ukraini.

Ukweli: Hati ya tarehe 17 Machi 2023 inahusu madai ya kuwahamisha watoto kinyume cha sheria kutoka maeneo ya Ukraini yanayokaliwa na Urusi. Huo ni uhalifu wa kivita, unaotendeka ndani ya vita, ilhali uchokozi ni kosa la kuianzisha vita yenyewe. Kwa uhalifu wa kivita, inatosha kwamba tendo lilifanyika katika ardhi ambayo mahakama ina mamlaka nayo, hata kama mtuhumiwa ni raia wa nchi isiyo mwanachama. Kwa uchokozi mlango huo umefungwa: marekebisho ya Mkataba wa Roma, ulioiunda mahakama hiyo, yaliyopitishwa Kampala mwaka 2010, ambayo mahakama ilianza kuyatumia tarehe 17 Julai 2018, yanasema wazi kwamba raia wa nchi isiyo mwanachama hashtakiwi kwa kosa hili. Urusi si mwanachama, na ndiyo maana hata Ukraini ilipojiunga rasmi Januari 2025, kizuizi kilibaki palepale. Ipo njia nyingine, ya Baraza la Usalama kulipeleka suala mahakamani, lakini humo Urusi ina kura ya turufu, na kwa maoni yangu hilo ndilo pengo kubwa kuliko yote katika mfumo huu. Isitoshe, hata mwanachama anaruhusiwa kujitoa mapema, kwa tamko, katika mamlaka ya mahakama juu ya uchokozi, kama Kenya ilivyofanya mwaka 2015.

Dhana potofu: Kila askari aliyevuka mpaka ana hatia ya uchokozi.

Ukweli: Kosa hili ni la viongozi peke yao. Mshtakiwa lazima awe na uwezo halisi wa kudhibiti au kuelekeza vitendo vya kisiasa au vya kijeshi vya dola. Dereva wa kifaru hayumo, na kamanda wa brigedi aliyepokea ramani na saa ya kuanza kusonga mbele naye kwa kawaida hayumo, maana alitekeleza uamuzi uliokwisha kufanywa na wengine. Nuremberg, mwaka 1948, majenerali wa Ujerumani waliofikishwa katika kesi ya Kamandi Kuu waliondolewa shtaka la uhalifu dhidi ya amani, kama uchokozi ulivyoitwa wakati huo, kwa sababu hawakuwa katika ngazi ya kuunda sera, ingawa wengi wao walitiwa hatiani kwa makosa mengine. Kipimo cha Nuremberg kilikuwa kuunda au kushawishi sera. Kile cha Kampala ni kikali zaidi, kwa kuwa mshauri au mfanyabiashara anaweza kushawishi bila kudhibiti chochote.

Dhana potofu: Mahakama maalumu ya uchokozi dhidi ya Ukraini imeondoa vikwazo vyote.

Ukweli: Mkataba wa kuiunda ulitiwa saini Strasbourg tarehe 25 Juni 2025 kati ya Ukraini na Baraza la Ulaya, na unalikwepa sharti la uanachama. Hata hivyo, rais, waziri mkuu na waziri wa mambo ya nje wanabaki na kinga wakiwa madarakani, kwa hiyo kesi dhidi yao husimama hadi watoke ofisini.