Kumwandikia mteja mwenye msambazaji wake: omba oda ndogo kwanza

Unapomwandikia ofisa manunuzi ambaye tayari ananunua kwa mwingine, kumbuka kwamba yule msambazaji alichaguliwa na mtu, na mara nyingi aliyemchagua ndiye huyo unayemwandikia. Ukimponda msambazaji, umemwambia ofisa kuwa hakujua kuchagua. Atamtetea, na akishamtetea kwa maandishi, itamwia vigumu kubadili kauli baadaye.

Mafumbo nayo ni kuponda tu. "Je, umechoshwa na mizigo inayochelewa?" ni tuhuma iliyovikwa alama ya kuuliza. Kama mizigo yake hufika kwa wakati, ameshajua kuwa unabahatisha, na hatakuamini tena hata ukieleza bidhaa yako vizuri.

Mimi nashauri usiombe kuchukua nafasi ya msambazaji aliyepo. Omba kipande kidogo cha kazi. Kuhama kabisa kunamgharimu mnunuzi: akusajili kwenye mfumo wa malipo, apime bidhaa, amshawishi meneja, na pengine apoteze punguzo analopata kwa kununua kwa wingi. Likiharibika jambo, lawama ni zake. Oda ndogo haimtishi hivyo.

Tuseme unatengeneza maboksi, na unakiandikia kiwanda cha sabuni. Usianze na saizi wanayonunua kila wiki, maana hiyo ndiyo inayowapatia punguzo. Tafuta saizi ya nadra. Kuandaa mashine huchukua karibu muda uleule, ziwe oda za maboksi 300 au 30,000, ndiyo maana viwanda vikubwa huweka kiwango cha chini cha oda. Kama wewe umejipanga kwa oda ndogo, hapo una la kusema bila kumgusa mtu:

"Maboksi ya oda ndogo, kuanzia 300

Ndugu Ofisa Manunuzi, habari za kazi. Naelewa mna msambazaji wa maboksi, na sikusudii kuvuruga mpango mlio nao. Sisi tunatengeneza oda ndogo, kuanzia maboksi 300, na tunazifikisha ndani ya siku 5 za kazi baada ya sampuli kukubaliwa. Pengine zitawafaa kwa bidhaa za msimu au za majaribio. Mkinipa boksi moja mnalotumia sasa, nitawaletea sampuli 10 za vipimo hivyohivyo mzipitishe kwenye mashine yenu ya kufungia. Je, kuna saizi moja ambayo ingefaa kuanza nayo?"

Sentensi ya kwanza baada ya salamu inamaliza pingamizi la "tayari tuna mtu" kabla halijatolewa. Sampuli ni 10 kwa sababu boksi moja halithibitishi kitu: la kwanza linaweza kupita vizuri, la nne likakwama kwa kuwa mkunjo umepishana milimita chache. Swali la mwisho linajibika kwa mstari mmoja. Siku 5 ziandike tu kama unazimudu hata wiki ya kazi nyingi.

Jina la msambazaji aliyepo usilitaje hata kama unalijua. Litaonekana kama umepeleleza, na barua pepe husafiri. Wanunuzi wengine humpelekea msambazaji wao ofa ya mgeni ili kumbana ashushe bei. Dalili za mnunuzi wa namna hiyo ni hizi: anataka orodha nzima ya bei leo hii, hataki sampuli, wala haulizi lolote kuhusu ubora au muda. Mpe bei ya saizi moja kwa idadi moja, kisha urudi kwenye sampuli. Akinyamaza hapo, huenda alikuwa anatafuta karata ya kujadiliana.

Akijibu "tumeridhika nao", usianze kumchimba ukiuliza kama kweli hakuna hata kasoro moja. Mwandikie: "Nafurahi kusikia hivyo. Mkataba wenu huangaliwa upya mwezi gani, ili nisiwasumbue kabla ya wakati?" Akikutajia mwezi, rudi kama miezi 3 kabla. Mikataba mingi hudai taarifa ya mapema kabla ya kusitishwa, na ukifika wiki ya mwisho utakuta imeshahuishwa.

Akikuuliza waziwazi mnawazidi nini, sema: "Wao siwezi kuwasemea. Sisi tunafanya hivi," kisha taja kiwango cha oda, muda na namna mnavyoshughulikia boksi lenye kasoro. Kulinganisha mwachie yeye. Ana bei za pande zote, wewe una zako tu.

Na akikueleza kuwa mkataba unamfunga kununua maboksi yote kwa msambazaji mmoja, usimtafutie mwanya wa kuukwepa. Muulize unaisha lini, andika tarehe hiyo, na usimtumie ofa nyingine kabla ya wakati wake.