Pesa uliyolipwa kimakosa, nawe umeshaitumia

Wateja wengi huanza kwa kuniambia, "Wamekosea wenyewe, mimi sikumwibia mtu." Nawaamini, lakini deni lipo palepale. Sheria ya kujinufaisha isivyo haki haimtafuti mwenye hatia. Inauliza kama umepata faida, kama imetoka mfukoni mwa anayedai, na kama aliitoa kwa sababu alikosea. Ikiwa ndivyo, unatakiwa kurudisha, hata kama hamkuwa na mkataba.

Uzembe wa mlipaji nao haukuokoi. Katika Kelly dhidi ya Solari, Uingereza 1841, wakurugenzi wa kampuni ya bima walimlipa mjane fedha za bima ya maisha iliyokwisha nguvu kwa kutolipiwa ada. Walikuwa wameambiwa, ila walisema wamesahau. Mahakama ikaona kwamba mtu aliyesahau kweli anaweza kudai, hata kama alikuwa na nafasi ya kujua. Asiyeweza kudai ni yule aliyelipa bila kujali kama anadaiwa au la.

Kinga ya mpokeaji ni utetezi wa kubadilika kwa hali, uliotambuliwa rasmi Uingereza mwaka 1991 katika kesi ya Lipkin Gorman. Ikiwa ulipokea kwa nia njema, na kwa sababu ya pesa ile hali yako imebadilika kiasi kwamba kurudisha yote kutakuacha pabaya kuliko ulivyokuwa mwanzo, deni hupungua kwa kiasi hicho.

Hapa ndipo watu huteleza, kwa kudhani kutumia tu kunatosha. Kesi ninayoitegemea kulieleza hili ni ya Scottish Equitable, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufaa ya Uingereza mwaka 2001. Mstaafu alilipwa pauni 172,451 za ziada kwa sababu kampuni ilisahau kwamba alishachukua sehemu ya pensheni yake miaka ya nyuma. Aliuliza kama hesabu ni sahihi, akahakikishiwa. Pauni 121,118 alinunulia pensheni kampuni nyingine, 41,671 akapunguza mkopo wa nyumba, na 9,662 zikaishia kwenye maisha yaliyokuwa bora kidogo.

Utetezi ulimfaa kwa zile 9,662 tu. Mkopo wa nyumba angeulipa siku moja vyovyote vile, kwa hiyo kuulipa mapema kulimpunguzia deni na hakukumtia hasara. Pensheni mpya nayo iliweza kufutwa na fedha kurudi. Zile za matumizi zilikuwa zimekwenda moja kwa moja, na bila malipo yale asingezitumia. Mimi naona mgawanyo huo ni wa haki, ingawa najua ulivyo mzito kwa mtu aliyeuliza kwanza.

Kwa hiyo mteja akiniletea barua ya madai, kwanza nataka kujua aligundua kosa lini. Alichotumia baada ya siku hiyo sikiingizi kwenye utetezi, kwa kuwa nia njema imeshaondoka. Kisha tunapitia taarifa za benki za kabla na baada ya malipo, mstari kwa mstari, tukiuliza kila matumizi: haya yangefanyika hata bila pesa hii?