Siki na sukari baada ya mlo: ni siki yenyewe au ukali wake?

Wiki iliyopita mama mmoja anayeishi na kisukari aina ya pili alifika kwangu na chupa ya siki ya tufaha pamoja na daftari lake la vipimo. Siku aliyokula wali bila siki, saa moja baadaye sukari yake ilikuwa juu. Siku iliyofuata alikunywa siki kwanza, na kipimo cha saa moja kikashuka. "Sasa mwanangu, vidonge niache?" Nilimwambia, "Vidonge usiache, mama, lakini ulichokiona si ndoto."

Jaribio ninalolipenda kuliko yote kuhusu siki lilifanyika Italia, likachapishwa mwaka 1995. Watu watano wenye afya walipewa salata yenye mafuta ya zeituni, kisha mkate mweupe. Siku moja salata ilitiwa siki yenye gramu 1 ya asidi asetiki, na mwitikio wa sukari ukapungua kwa takribani 31%. Siku nyingine siki ileile ilitiwa kwanza sodiamu baikaboneti mpaka ukali wake ukaisha. Asetati, yaani ile asidi asetiki ikiwa imepoteza ukali wake, ilibaki mle ndani, ila uchachu uliondoka, na sukari ikapanda kana kwamba hakuna siki iliyoliwa.

Basi kinachofanya kazi, kwa sehemu kubwa, ni ukali. Tumbo likipokea kitu chenye asidi huchelewa kumwaga chakula kwenye utumbo mdogo. Isitoshe, kimeng'enya cha mate kinachovunja wanga hushindwa kufanya kazi ndani ya asidi. Ndiyo maana hata limau lina matokeo. Mwaka 2020 watafiti wa Ufaransa waliwapa watu 10 mkate pamoja na maji ya limau, ambayo asidi yake ni sitriki. Kilele cha sukari kilishuka kwa 30% na kilichelewa kwa zaidi ya dakika 35. Kwa hiyo anayeisifu siki ya tufaha kana kwamba tufaha lina siri yake, mimi simuungi mkono. Siki nyingi za dukani zina asidi asetiki 5%, yaani mililita 20 hubeba gramu 1, kipimo kilekile cha jaribio la Italia. Siki nyeupe ya bei nafuu inabeba hivyohivyo.

Jambo hili la kuchelewa huenda ndilo lililompotosha mama yule. Alipima mara moja tu, saa moja baada ya kula. Kama kilele kimesogea mbele, kipimo cha saa moja kitaonekana kizuri huku sukari ikiwa bado inapanda. Nilimwomba apime dakika ya 30, 60, 90 na 120, wali upimwe kwa kikombe kilekile, na mboga zisibadilike. Halafu arudie siku tatu na siki, siku tatu bila siki, kwa sababu sukari ya mtu mmoja hubadilika siku kwa siku hata akila chakula kilekile.

Na tafiti zenyewe zina udhaifu unaofanana na wa daftari lake. Utafiti unaotajwa sana, wa Carol Johnston wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona mwaka 2004, ulikuwa na watu 29, na wenye kisukari walikuwa 10 tu. Tafiti nyingi katika uwanja huu ni za ukubwa huo, na nyingi hupima mlo mmoja. Tena siki haifichiki: mshiriki anaijua kwa harufu na ladha, hivyo ni vigumu kumpa kinywaji cha kulinganisha asichokitambua. Tofauti ya saa mbili baada ya mkate mweupe haijatuambia HbA1c, kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi kadhaa, itakuwaje baada ya miezi mitatu. Utafiti wa Lebanon wa mwaka 2024, uliodai kwamba siki ya tufaha hupunguza uzito na sukari kwa kiasi kikubwa, uliondolewa mwaka 2025 na jarida lililouchapisha, kwa kuwa hesabu zake hazikuweza kuthibitishwa. Mitandaoni bado unasambazwa.

Kwa mtu anayechoma insulini, napata wasiwasi wa kweli. Huko Sweden mwaka 2007, wagonjwa 10 wa kisukari aina ya kwanza ambao matumbo yao tayari yalikuwa mazito kumwaga chakula walipewa mililita 30 za siki ya tufaha kila siku. Kasi ya tumbo ikapungua zaidi. Hapo insulini inafika kwenye damu kabla ya chakula, na sukari inaweza kushuka mno. Mtu anayeshiba upesi, anayejaa gesi au kutapika chakula cha jana, na sukari yake hushuka mara tu baada ya kula, asiiguse siki kabla hajaonana na daktari wake.

Mama yule hachomi insulini, na tumbo lake halina shida. Tulikubaliana aache kunywa siki tupu, maana inakula meno na kuunguza koo. Ataitia vijiko viwili vya chai kwenye kachumbari, na kachumbari iliwe mwanzo, kabla ya wali. Vidonge vinaendelea kama kawaida. Daftari lenye vipimo vinne kwa kila mlo ataniletea mwisho wa mwezi.