Je, wajua? Siri ya mashine ya Hargreaves haikuwa kasi

Kabla hazijaja mashine za kufuma nguo, uzi ulisokotwaje haraka kiasi cha kuwatosha wafumaji?

Kwanza gurudumu liliwapunguzia watu kazi ya kuzungusha kwa vidole. Kisha, katika miaka ya 1760, vipande viwili vya mbao vikachukua kazi ya vidole vyenyewe. Hapo pa pili ndipo nilipokosea kwa miaka mingi. Niliamini kwamba mashine ya Mwingereza James Hargreaves ilikuwa gurudumu lile lile, ila lililozunguka mbio zaidi. Nadhani wengi tunakosea hivyo kwa sababu tukiona mashine tunafikiria kasi tu, wakati kusokota kuna kazi mbili: kuvuta pamba iwe nyembamba na kuipa msokoto.

Chukua kipande cha pamba ya duka la dawa ukivute taratibu. Kitakatika. Sasa kivute huku ukikipotosha kidogo kwa vidole, na utaona kinashika. Tazama kwa makini: msokoto hukimbilia penye wembamba na kupaimarisha, kwa hiyo ukizidi kuvuta, panaporefuka ni pale penye unene. Uzi unajisawazisha wenyewe, mradi mvutaji asiupe msokoto mwingi mapema. Ukizidi, pamba inagoma kabisa kuvutika.

Kwa karne nyingi kazi hiyo ilifanywa kwa pia, yaani kijiti chenye kizito kinachoning'inia na kuzunguka. Kilwa wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua vizito vya namna hiyo vilivyochongwa kutoka kwenye vigae vya vyungu. Uzi ukirefuka, msokotaji husimama, akauzungushia kwenye kijiti, kisha akaanza upya.

Gurudumu, lililofika Ulaya kutoka Asia kufikia karne ya 13, liliilaza pia na kuizungusha kwa mshipi. Tuseme gurudumu lina kipenyo cha sentimita 100, na pale mshipi unapopita kwenye pia ni sentimita 2. Mzunguko mmoja wa gurudumu unaipa pia mizunguko 50. Uzi mnene kiasi unaohitaji misokoto 5 kwa kila sentimita utataka mizunguko 500 kwa mita moja, yaani kuzungusha gurudumu mara 10 tu.

Kwa nini uzi unasokoteka badala ya kujizungushia kwenye pia? Funga uzi kwenye shingo ya chupa. Ukiushika kwa ubavu na kuizungusha chupa, uzi unajiviringisha. Ukiushika kuelekea mdomoni, kila mzunguko unateleza juu ya mdomo na kuacha msokoto mmoja. Msokotaji alibadilisha tu upande wa mkono wake. Lakini mkono ule ulikuwa umebana utambi mmoja wa pamba, na gurudumu hata liende mbio vipi, haliwezi kuuongezea mkono vidole.

Hargreaves, mfumaji wa Lancashire, alisimamisha pia 8 kwenye fremu moja. Mbele yake aliweka kigari chenye vipande viwili vya mbao vinavyobana tambi zote 8 kwa pamoja, kama koleo refu. Msokotaji aliachia tambi kidogo, akabana, akazungusha gurudumu kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukirudisha kigari nyuma. Pamba ilirefuka na kusokoteka. Kisha waya ulizishusha nyuzi zote kutoka kwenye ncha za pia hadi ubavuni, kigari kikasukumwa mbele, zikajizungushia. Hesabu ya kila pia ni ile ile, mizunguko 500 kwa mita, ila sasa zinatoka mita 8. Hataza yake ya 1770 ilitaja pia 16, na mashine za baadaye zilipita pia 80.

Mshipi mmoja ukilegea, pia yake hubaki nyuma ya wenzake, na uzi wake unajulikana mara moja: ni mlaini mno, na ukiuvuta unaachana bila kukatika. Hata nyuzi nzuri za mashine hii zilikuwa laini. Zilifaa mshindio, ule uzi unaopita upande hadi upande, lakini mtande unaokazwa kwenye kitanda cha mfumi uliendelea kuwa wa kitani. Huko Uingereza, uzi wa pamba wenye nguvu ya mtande ulikuja na mashine ya Richard Arkwright ya 1769, iliyovuta pamba kwa jozi za rola, kila jozi ikizunguka haraka kuliko iliyotangulia. Samuel Crompton akaunganisha rola na kigari mwaka 1779, akapata uzi mwembamba na imara.

Kwa hiyo Edmund Cartwright alipopata hataza ya mashine yake ya kwanza ya kufuma mwaka 1785, uzi ulikuwa tayari umejaa, na kwa miaka mingi baadaye waliougeuza nguo walikuwa bado wafumaji wa mkono.