Kusawazisha majina ya simu maana yake nini, na yakifutika yanarudije

Kaka yangu aliamka asubuhi akataka kumpigia fundi bomba. Alipofungua simu, hakukuta jina hata moja. Jana yake yalikuwepo 380. Simu haikuibwa, haikuanguka majini, wala yeye hakubonyeza kitu. Aliyeyafuta ni mkewe, kwa simu nyingine kabisa, na hakujua kama anafuta mali ya mumewe.

Wifi yangu alikuwa amenunua simu mpya. Kwa haraka ya kutaka kupakua WhatsApp, wakaiwasha kwa akaunti ya Google ya kaka. Simu ilipopata intaneti tu, majina yote ya kaka yakamiminika humo: madalali, mafundi, watu wa kazini. Wifi akaona uchafu. Akachagua yote, akafuta.

"Wifi, mimi nilikuwa nasafisha simu yangu tu," aliniambia, amekasirika kidogo.

Kosa hilo linatokana na neno moja ambalo kwenye simu nyingi huandikwa Sync, kwa Kiswahili kusawazisha. Wengi wanalielewa kama kuweka akiba, kwamba majina yametiwa mahali salama na yatakaa huko hata simu ifanyweje. Sivyo. Kusawazisha ni kuzifanya sehemu mbili zifanane wakati wote. Ukiongeza jina kwenye simu, akaunti nayo inaliongeza. Ukifuta kwenye simu, akaunti inafuta, kisha inaziagiza simu zote zilizofunguliwa kwa akaunti hiyo zifute pia. Ni chungu kimoja kinacholiwa na wawili; mmoja akikimwaga, mwenzie hana chakula.

Wifi alipaswa kuondoa akaunti, si majina. Unaingia Settings, unatafuta sehemu ya akaunti, unachagua akaunti ile na kubonyeza Remove account. Hapo majina yanatoka kwenye simu hiyo pekee, akaunti inabaki kama ilivyokuwa. Tofauti ya vitendo hivi viwili haionekani kwa macho, kwa sababu vyote vinakuachia simu isiyo na majina.

Bahati nzuri, Google haitupi kilichofutwa papo hapo. Ukifungua contacts.google.com kwenye kivinjari, kwa akaunti ileile, kuna sehemu inaitwa Trash. Majina yaliyofutwa hukaa humo siku 30, kisha yanapotea moja kwa moja. Tulipoifungua tukayakuta yote 380.

Kaka alitaka kuyarudisha hapohapo. Nilimzuia, maana simu ya wifi ilikuwa bado na akaunti yake. Tungeyarudisha, yangemiminika kule tena, na sijui wifi angefanya nini safari hii. Lakini hata kuiondoa akaunti kulihitaji tahadhari. Tangu ayafute, wifi alikuwa ameshahifadhi watu wake sita, na simu, isiyo na akaunti nyingine, iliwaweka kwenye akaunti ya kaka. Kwa hiyo tuliwachagua wale sita kule contacts.google.com, tukabonyeza Export, tukachagua vCard. Likatoka faili moja dogo lenye kiishio .vcf. Tukaondoa akaunti ya kaka kwenye simu ya wifi, tukamfungulia yake, tukamtumia faili. Alipoligusa, simu ikauliza majina yawekwe akaunti gani, akachagua yake. Ndipo tukarudi Trash, tukachagua yote na kuyarejesha. Simu ya kaka ilijaa tena baada ya dakika chache za intaneti.

Kwenye tovuti hiyohiyo, ndani ya mipangilio, kuna kitu kingine kiitwacho Undo changes. Hiki hakirudishi kilichofutwa tu, kinairudisha orodha nzima kama ilivyokuwa saa moja, siku moja au wiki moja iliyopita, hadi siku 30 nyuma. Kinafaa pale majina hayakufutwa bali yameharibika, kwa mfano programu fulani imeunganisha watu wawili kuwa mmoja, au imeleta majina mara tatutatu. Trash haisaidii hapo. Ila Undo changes kinafuta pia watu ulioongeza baada ya wakati uliouchagua. Kama kaka angekibonyeza kwanza, wale sita wa wifi wangeondoka. Ndiyo maana kabla ya kukigusa unatoa kwanza faili la .vcf.

Na ukishtuka mapema, wakati bado kuna simu au tableti nyingine yenye majina hayo ambayo haijawashwa intaneti, usiiunganishe. Iweke kwanza katika hali ya ndege, kisha toa faili la .vcf humo. Ikishika mtandao tu, nayo itapokea agizo la kufuta.

Sasa, kurudisha simu katika hali ya kiwandani, ile watu wanaita kurisiti au kuflashi, ni jambo jingine kabisa. Simu inapofutwa nzima haitumi agizo la kufuta jina mojamoja. Akaunti haijui lolote. Majina yaliyokuwa yamesawazishwa yapo palepale, yanakusubiri uingie kwa akaunti ileile.

Shida huwa kwenye hilo neno "ileile". Mtu amesahau patani, anampelekea fundi, fundi anaflashi na kumfungulia akaunti mpya ili simu ifanye kazi. Mteja anarudi nyumbani akiamini majina yamekufa, kumbe yamo kwenye akaunti ya zamani ambayo hakumbuki hata anwani yake. Kabla ya kukata tamaa nenda g.co/recover, uitafute akaunti kwa namba yako ya simu na jina ulilojiandikisha nalo. Ukiipata, fungua contacts.google.com kwa hiyo, hata kwa simu ya jirani, uone kama majina yapo.

Yanayopotea kweli ni yale yaliyohifadhiwa kwenye simu yenyewe, si kwenye akaunti. Unapoandika jina jipya, simu nyingi huonyesha mahali linapowekwa: Google, SIM au Device, na baadhi huandika Phone. Waliowekwa Device huenda na risiti, isipokuwa kama uliwahi kuruhusu simu iwahifadhi pia kwenye akaunti. Programu za kulipia zinazoahidi kuwafufua sizishauri. Simu za Android za miaka ya karibuni huhifadhi data kwa kuifunga kwa ufunguo wa siri, na risiti huuharibu ufunguo huo. Hata kama vipande vya data vimebaki kwenye chipu, hakuna wa kuvisoma.

Walioko kwenye laini hawaguswi, kwa sababu laini ni kifaa cha peke yake. Unaingiza laini, unafungua programu ya majina na kuchagua kuingiza kutoka SIM. Usitegemee mengi. Laini nyingi hubeba takriban majina 250, kila moja kwa kawaida na namba moja, na jina refu hukatwa. "Mama Asha Mwenye Duka la Vitenge" atarudi nusu.

Waliobaki ni kuokoteza. Ukirejesha mazungumzo ya WhatsApp kutoka kwenye nakala yake, namba za uliochati nao zinarudi bila majina uliyowapa, lakini picha na maneno mliyoandikiana yanatosha kumtambua mtu. Fundi bomba wa kaka tulimpata hivyo siku ileile, kabla hata ya kufungua kompyuta: picha yake ilikuwa ya mtaro.